Asiyekohoa ndiye wa kumwangalia zaidi

Ninyi mnaoanza zamu wodi ya wagonjwa wa kiharusi, nianze na mzee mmoja wa Temeke, fundi cherehani. Siku ya pili baada ya kiharusi nilimkuta ameketi, binti yake anamnywesha chai kwa kijiko. "Anameza vizuri, daktari, wala hapaliwi," akaniambia. Nikamgusa nyuma ya koo kwa kijiti, akataka kutapika. Nikaridhika, nikaandika kwenye faili: aruhusiwe kula. Siku ya nne ana homa, anahema mbiombio, na kifuani nasikia mikwaruzo chini ya pafu la kulia. Nimonia.

Kosa langu lilikuwa kwamba nilipima kichefuchefu nikadhani nimepima kumeza. Wapo wazima wengi ambao ukiwagusa koo hawashtuki, na wanakula ubwabwa kama kawaida. Wapo pia wanaoshtuka vizuri huku chai inateremka mapafuni. Na binti hakukosea kwa alichokiona. Mtu akipaliwa hukohoa kwa sababu koo limehisi kitu kimepita pasipo pake. Kiharusi kikililaza ganzi koo, chai inapita chini ya nyuzi za sauti na mgonjwa anakutazama tu.

Siku hizi kabla ya maji natafuta mambo manne. Yuko macho kiasi cha kukaa wima dakika kumi na tano? Akisema "aaa", sauti ni safi au imekauka? Maneno yanaeleweka? Nikimwambia akohoe kwa nguvu, kinatoka kikohozi au pumzi tu? Mzee yule alikuwa na sauti ya kukwaruza na kikohozi hafifu. Hayo mawili peke yake yalitosha kumsimamishia chai. Mimi niliyasikia, nikayaweka kwenye hesabu ya uzee.

Akifaulu hapo, naanza na kijiko kimoja kimoja cha maji huku vidole vikiwa juu ya kikoromeo, nione kama kinapanda anapomeza. Baada ya kila kijiko aseme tena "aaa". Sauti ikigeuka ya majimaji, kama anayeongea huku ana mate kooni, naacha hapo hapo. Ikibaki safi, nampa mililita 90 anywe mfululizo bila kupumzika, kisha namsubiri dakika moja. Akikatisha, akikohoa au sauti ikilowa, hajafaulu. Kwa nini maji mengi hivyo? Kwa sababu asiyekohoa kwa tone dogo mara nyingi hukohoa yakiwa mengi. Ila tuelewane: wengi wanaofeli hawapaliwi kweli. Kufeli kunamaanisha asile kwanza, apimwe zaidi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni msikitegemee hapa. Kinaweza kukaa palepale wakati maji yanaingia.

Vipimo vinavyoona kumeza kwenyewe ni viwili. Cha kwanza ni eksirei ya mwendo: mgonjwa anakaa ubavu kwa mashine, anameza beriamu, nyepesi kisha nzito, na unaona kila kitu tangu mdomoni, hata lile tone linalopenya wakati koo limejifunga. Shida ni mionzi, na lazima ashushwe chumba cha eksirei. Ukiandika fomu, eleza wazi kwamba unataka koo wakati wa kumeza. Ukiandika "beriamu" tu utaletewa picha za umio.

Cha pili ni kamera nyembamba ya puani, na mara nyingi daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa kumwomba. Inafanyika kitandani, kwa chakula halisi kilichotiwa rangi. Inaonyesha mate yaliyotuama na mabaki baada ya kumeza. Lakini sekunde ile ya kumeza koo linaibana kamera na picha inakuwa nyeupe, kwa hiyo kilichopita unakijua kwa alama iliyobaki chini ya nyuzi za sauti.

Mzee wetu alipimwa kwa kamera baada ya homa kushuka. Maji yenye rangi yalionekana chini ya nyuzi za sauti, hakukohoa hata kidogo. Uji mzito ulipita, ila ulibaki upande wa kushoto, uliolegea. Mpimaji akamwambia ageuze uso kushoto ameze tena; upande ule ukajifunga, uji ukashuka kulia. Hilo kijiti changu kisingeniambia kamwe: apewe nini, na akae vipi anapomeza.

Maji na chai vikapita kwenye mrija wa puani kwa muda. Binti alipewa kazi mbili: kumsugua baba yake meno asubuhi na jioni, maana mate machafu nayo hushuka, na kumkumbusha kabla ya kila kijiko. Nikipita jioni nilimsikia: "Baba, angalia dirishani kwanza."