Msaili Aliyenyamaza Naye Anatoa Alama

Wasailiwa wengi hujibu kana kwamba mbele yao kuna mtu mmoja tu, yule aliyeuliza. Nimewahi kukaa upande wa jopo, na kwa kawaida kila mjumbe huwa na fomu yake na hujaza alama kabla ya kusikia maoni ya wenzake. Yule wa pembeni asiyesema neno anaweza kuwa na uzito sawa na mwenyekiti.

Wanapojitambulisha, shika vyeo hata kama majina yatakuponyoka. Ukimjua ofisa utumishi na mkuu wa kitengo, utajua jibu lipi linamgusa nani. Anza kwa kumtazama aliyeuliza, ukifika kwenye mfano mgeukie anayehusika nao, kisha malizia kwa aliyeuliza. Mpe kila mmoja sentensi nzima; ukigeuza shingo kila neno utaonekana una hofu. Kwa usaili wa video, tazama kamera tu.

Mkimya mwache na ukimya wake. Mara nyingi ndiye anayeandika, kwa hiyo ukiona kalamu yake inakimbia punguza kasi, hasa unapotaja tarakimu. Nafasi ya kumfikia huja mwishoni, wakikuuliza kama una swali: muulize jambo la kitengo chake, kwa mfano kazi gani ingetakiwa kukamilika kwanza. Mwenyekiti akijibu badala yake, ridhika.

Mkali ndiye anayewaangusha wengi. Tuseme anakukatiza: "Kazi tatu ndani ya miaka minne! Na hapa utakimbia?" Humo mna hoja na mna ukali. Shughulika na hoja:

"Ni kweli, ni tatu. Mbili zilikuwa za mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na yote niliimaliza. Ya tatu nina miaka miwili na bado nipo. Zote zilikuwa za ukaguzi wa hesabu, na nafasi hii ni ya kudumu katika fani hiyo hiyo."

Hapo umekubali lililo kweli, umetoa maelezo wanayoweza kuyathibitisha, na hujamsema vibaya mwajiri yeyote. Anza ukimtazama yeye, lakini sentensi ya mwisho wape wenzake, ili yasigeuke mabishano ya watu wawili. Akirudia swali lile lile, usirundike utetezi. Muulize kwa upole, "Ungependa nifafanue sehemu ipi?" Mwenye hoja huitaja, aliyekuwa anapima uvumilivu wako kwa kawaida huhamia swali jingine.

Maswali ya ndoa, ujauzito, dini au kabila nayaweka kando kabisa, kwa sababu hayapimi kazi. Huna sababu ya kuyajibu. Sema, "Kama wasiwasi ni kuhusu safari au saa za kazi, ratiba mliyoitangaza naimudu," kisha mgeukie mwenyekiti usubiri swali linalofuata.