Kikwembe kwenye simu: jibu swali kabla mteja hajaliandika

Ukitaka kujua ukurasa wako wa kuuzia unapungukiwa na nini, fungua WhatsApp ya duka usome maswali ya wateja. Ndivyo tulivyoanza na mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anayeuza vikwembe na ambaye mimi humshughulikia tovuti. Maswali yalijirudia: "Mama, hii ni waksi ya kweli?" "Iko na yadi ngapi?" "Ruashi inafika lini?" "Nikikuta rangi si hii, itakuwa je?" Ukurasa wenyewe ulikuwa na picha moja ya maua makubwa, iliyotoka kwa muuzaji wa jumla, na maneno "bei inboksi". Basi.

Tulianza na picha, kwa sababu shaka kubwa ya kikwembe iko kwenye kitambaa chenyewe. Waksi huingia rangi pande zote mbili. Kitambaa cha bei ya chini huchapwa upande mmoja, na mgongo wake hupauka. Kwa hiyo picha ya pili, mara tu baada ya ile ya kikwembe kizima, ni pembe iliyokunjwa ili mbele na nyuma vionekane pamoja. Mnunuzi anayejua vikwembe haangalii maua kwanza, anageuza kitambaa. Mgeuzie wewe. Ya tatu ni ukingo wenye maandishi ya kiwanda, ingawa peke yake haitoshi, maana maandishi hayo huigwa kila siku. Ya nne ni mita ya fundi cherehani iliyotandazwa juu ya kitambaa, na chini yake imeandikwa: yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu.

Piga picha kivulini au karibu na dirisha, bila flashi wala filta, na uweke karatasi nyeupe pembeni. Karatasi ikionekana ya manjano au ya bluu, ujue rangi ya kikwembe nayo imedanganya, rudia. Halafu punguza uzito wa kila picha, usizidi kilobaiti 150, kwa sababu mteja ananunua megabaiti zake na hatangojea picha nzito ifunguke.

Bei inakaa chini ya picha ya kwanza, mahali ambapo simu ndogo inaionyesha bila kuteremsha. Tuliandika dola 25 kwa herufi kubwa, na faranga chini yake pamoja na kiwango cha siku hiyo. Kiwango kikibadilika, faranga zibadilishwe asubuhi hiyo hiyo, la sivyo ugomvi unaanzia mlangoni kwa mteja. Mama aliogopa kwamba bei wazi itaua mapatano. Sioni hivyo: anayetaka kupunguziwa ataandika tu, ila sasa anaandika akijua mahali pa kuanzia.

Muda wa kufikisha ulitusumbua zaidi. "Tunafikisha haraka" haimwambii mtu kitu. Tuliandika hivi: ukiagiza kabla ya saa sita mchana, mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba ni leo jioni; Ruashi na Annexe ni kesho; Likasi ni kesho kutwa, unachukua kwenye ajansi ya basi. Kando ya kila mtaa iko bei ya pikipiki. Mwanzoni maneno haya yalikuwa chini kabisa ya ukurasa, na swali la "inafika lini?" likaendelea kuja kama kawaida. Tulipoyapandisha kati ya bei na kitufe cha kuagiza, likapungua. Hapo ndipo mtu anapojiuliza, kwa hiyo jibu likae hapo.

Kurudisha kunataka mistari michache, karibu na kitufe hicho hicho. Fungua mzigo mbele ya mwenye pikipiki kabla ya kulipa. Usipokipenda, rudisha papo hapo, unalipa pikipiki tu. Ukishabaki nacho una siku 3, kiwe hakijakatwa wala kufuliwa. Kosa likiwa letu, rangi tofauti au yadi pungufu, pikipiki tunalipa sisi. Kitambaa kikishapita kwenye mkasi wa fundi hakirudi, na hilo liandikwe waziwazi bila kujificha.

Maoni ya wateja tuliyaomba wiki mbili baada ya kununua, kwa swali moja: "Umeshakifua? Rangi ilikaa?" Jibu kama hilo, pamoja na picha ya nguo iliyoshonwa na ruhusa ya mwenyewe, lina uzito kuliko nyota tano zenye "asante sana". Mteja mmoja aliandika kwamba nyekundu ilitoka kidogo kwenye maji ya kwanza. Mama alitaka kuyafuta. Tuliyaacha, akajibu chini yake: kifue peke yake mara ya kwanza, kwa maji baridi. Baadaye sentensi hiyo tukaihamishia juu, kando ya picha za kitambaa.

Maswali bado yanaingia. Mengi sasa ni ya aina hii: "Kile cha kijani kimebaki?"