Barua ya kuomba siku za ziada: hesabu tarehe kabla hujaandika

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, kila muhula ukikaribia ukingoni barua zenu za "nilikuwa naumwa" zinajaa kwa wahadhiri, na nyingi zinakwama kwa kasoro zilezile walizokuwa nazo waliowatangulia. Ugonjwa wenu ni wa kweli. Barua ndiyo haijatimia, na inaumiza kuona mtu aliyetoka wodini anapoteza alama za maendeleo kwa sababu ya mistari mitatu aliyoiacha.

1. Jua unachoomba kiko mikononi mwa nani. Asaimenti aliyoitoa mwenyewe, mhadhiri anaweza kuisogeza. Testi uliyoikosa anaweza kukutungia nyingine, ila hilo ni ombi la peke yake. Mtihani wa mwisho wa muhula si wake: kuuahirisha kunapitia kitivo na uongozi wa taaluma, na ombi linatakiwa lifike kabla ya mtihani. Hapa tunaongea asaimenti tu.

2. Tarehe. Barua ya kawaida inasema: "Niliugua sana, hivyo naomba uniongezee muda kidogo." Ina adabu, lakini haijibiki. Mhadhiri anayetaka kukusaidia analazimika kukuuliza uliugua lini, karatasi ya daktari iko wapi, muda kidogo ni siku ngapi, na kazi umeifikisha wapi. Mwenye darasa la watu mia tatu hana nafasi ya kuuliza yote hayo. Barua inawekwa kando, siku ya kukusanya inapita, nawe unabaki unasubiri.

Tuchukue mfano. Asaimenti ya Fonolojia ya Kiswahili imetolewa Jumatatu, 4 Mei 2026, ya kukusanywa Ijumaa, 22 Mei, saa 10 jioni. Mwanafunzi anaanza homa Jumatano tarehe 13, anajikaza hosteli na Panado, Ijumaa tarehe 15 anapelekwa hospitali na kulazwa. Anaruhusiwa Jumatatu tarehe 18, akiwa na ED ya siku tatu, yaani tarehe 19 hadi 21.

Siku zenye karatasi ni kuanzia 15 hadi 21, jumla saba. Basi aombe saba: Ijumaa, 29 Mei. Siku mbili za hosteli hazina ushahidi, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Wanaandika "nililazwa tangu tarehe 13" huku karatasi inasema 15. Mhadhiri akiona tarehe hazikutani, anaanza kuitilia shaka hata ED iliyo halali. Ukitaka kuzitaja, sema wazi: dalili zilianza tarehe 13, hospitali nilikwenda tarehe 15.

Usiombe wiki mbili pia. Kati ya tarehe 4 na 12 ulikuwa mzima kwa siku tisa, na mhadhiri anajua kuhesabu. Atakachotaka kujua ni ulifanya nini katika siku hizo, kwa hiyo mwambie kabla hajauliza. Kama kweli hukuwa umegusa kitu, usitunge. Eleza kilichobaki, omba siku ulizougua tu.

Karatasi yenyewe ikague kabla hujatoka hospitali: jina lako, tarehe ya kuanza na kuisha mapumziko, sahihi ya daktari na mhuri unaosomeka. Kadi ya hospitali ikiwa na majina mawili na usajili wa chuo una matatu, mwombe muuguzi aandike yote matatu. Kurudi wiki ijayo kuomba ED ya siku zilizopita ni shida, kwa kuwa madaktari wengi hukataa kurudisha tarehe nyuma, na wana haki.

Halafu angalia ratiba ya semina. Majibu ya asaimenti yakijadiliwa Jumatatu tarehe 25, mhadhiri hawezi kupokea kazi yako tarehe 29 kama kwamba hukuyasikia. Hili ndilo linalofanya maombi mazuri yakataliwe, na wengi hawaelewi kwa nini. Jitolee mwenyewe kupewa swali jingine.

3. Barua yenyewe. Anuani yako juu kulia na tarehe chini yake, anuani ya mhadhiri kushoto, cheo chake kama kilivyoandikwa kwenye muhtasari wa kozi. "Shikamoo" iache ya ana kwa ana. Kisha:

Dkt. ________,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SIKU SABA ZA KUKUSANYA ASAIMENTI YA FONOLOJIA YA KISWAHILI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba ya usajili ________, kundi la semina la 4.

Nililazwa hospitalini kuanzia tarehe 15 hadi 18 Mei, na daktari amenipa mapumziko hadi tarehe 21 Mei. Nimeambatisha nakala ya karatasi ya kuruhusiwa na ED. Kwa sababu hiyo sitaweza kukusanya asaimenti tarehe 22 Mei kama ulivyoagiza.

Kabla ya kuugua nilikuwa nimekusanya data na kuchambua udondoshaji na muungano wa irabu. Imebaki sehemu ya ukaakaishaji, hitimisho na marejeleo. Naomba kukusanya Ijumaa, 29 Mei 2026, saa 10 jioni. Iwapo majibu yatakuwa yamekwisha kujadiliwa semina, niko tayari kupewa swali jingine.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(sahihi, jina kamili, namba ya simu)

Ugonjwa haukutajwa, kwa makusudi. Mhadhiri anahitaji siku ulizoshindwa kufanya kazi, na hizo daktari kaziandika. Habari za dripu na kutapika hazimsaidii kuamua, na kama ni jambo la siri yako, libaki lako. Ona pia kuwa akitaka kukubali anaweza kujibu "29 sawa" akamaliza.

4. Itume tarehe 19, ukiwa tayari na karatasi zote mbili, si tarehe 22 jioni. Ukiwa bado wodini, mwenzako wa chumba amtaarifu mhadhiri kwa ujumbe mfupi, barua itafuata. Tumia barua pepe ya chuo. Barua na karatasi za daktari ziunganishe kuwa faili moja la PDF, zipigwe picha mchana mahali penye mwanga ili mhuri usomeke. Siku mbili za kazi zikipita kimya, chapisha nakala uende ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi. Kumtumia WhatsApp saa nne usiku si ufuatiliaji.

Akikupa tarehe 26 badala ya 29, pokea na ukusanye tarehe 26. Huenda alama zinatakiwa idarani mapema kuliko unavyojua.

Jibu lake lichapishe ulibane nyuma ya jalada la kazi, maana anayesahihisha anaweza kuwa msaidizi wake ambaye hajui mlichokubaliana. Kama mnakusanyia Moodle, ruhusa ya kwenye barua pepe haifungui mfumo. Ukiwa umewekwa ufunge tarehe 22 saa 10, utafunga. Mhadhiri anatakiwa aingie kwenye orodha ya waliokusanya, atafute jina lako na achague `Grant extension`. Fungua ukurasa wa asaimenti tarehe 27 uone kama tarehe yako mpya ipo. Kama haipo, mkumbushe asubuhi hiyohiyo, wakati bado una siku mbili.