Oili ya pikipiki kuukuu: soma wapi kwenye kopo?

Pikipiki yangu ni Honda CG125 iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Mwaka juzi nilimwaga oili na kuweka ya gari, 5W-30, ya bei kubwa, nikiamini naitendea injini wema. Siku tatu baadaye, nikitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, nilianza kupanda Kitonga. Nikavuta mafuta, injini ikanguruma kwa nguvu, pikipiki ikawa inatambaa tu. Klachi ilikuwa inateleza.

Kosa langu lilikuwa kusoma namba peke yake, tena bila kuzielewa. Namba hizo si nyuzi za joto. Iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa ya baridi; W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Ya pili inaeleza uzito inaobaki nao injini ikishapata moto, ikipimwa kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 20W-50 haigeuki kuwa nzito ikichemka, kama wengi wanavyodhani. Inalainika kama oili zote, ila inabaki nzito kuliko 5W-30.

Kwa injini kuukuu namba ya pili ndiyo ya kuangalia zaidi. Pistoni na ringi zikishalika, nafasi kati ya vyuma inaongezeka, na oili nyepesi inapita humo upesi. Mimi natumia 20W-50. Anayekaa Njombe au Makete, kwenye asubuhi za baridi kali, 10W-40 itamfikia juu kwenye vali haraka zaidi anapowasha. Ila moshi wa bluu wa ringi zilizokufa hautibiwi na oili nzito. Utapungua kidogo tu.

Sasa kuhusu klachi. Kwenye CG125, kama pikipiki nyingi za gia, pleti za klachi zinaoga kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi nyepesi za gari huwekewa dawa ya kupunguza msuguano ili kubana mafuta, na pleti zinaishi kwa msuguano. Geuza kopo, tafuta kwa nyuma maandishi JASO MA au JASO MA2. Hayo ndiyo ya klachi inayooga. JASO MB iache, hiyo ni ya skuta. Ukikuta duara la API limeandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, rudisha kopo kwenye shelfu.

Nilimwaga ile oili yote, nikaweka 20W-50 yenye JASO MA, karibu lita moja. Baada ya kilomita 300 nikamwaga tena, maana mabaki yalikuwa bado kwenye pleti. Klachi ikashika. Ingeendelea kuteleza, fundi angefungua: pleti zilizoungua hunuka na kuwa nyeusi, na hizo hubadilishwa. Ukitaka kupima yako, weka gia ya nne kwenye mlima mdogo, vuta mafuta ghafla, usikilize kama mngurumo unatangulia mwendo.