Betri haionekani kwenye simu? Tazama kwanza nani mwingine ameishika

Betri ya nyumbani kwa mama, Mkomani hapa Lamu, iko chini ya ngazi, nyuma tu ya mlango wa daka. Ni lithiamu ya volti 12.8, na ndani yake mna saketi inayolinda seli, ambayo mafundi huiita BMS. Saketi hiyo ndiyo inayoongea na simu kwa blutuuthi, na kila jioni mimi huifungua programu yake nione betri imeingiaje usiku.

Jioni moja nikatafuta, simu ikasema hakuna kifaa. Nikazima simu na kuiwasha. Nikaifuta programu nikaipakua upya. Hakuna kitu. Mama akaniuliza, "Mwanangu, umeme utakatika?" Lakini taa zilikuwa zinawaka na feni inazunguka, na inveta yetu haina chanzo kingine usiku ila betri hiyo. Kwa hiyo betri ilikuwa nzima, ikifanya kazi, ila kwangu haionekani.

Ikaadhiniwa isha. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa dakani na simu yake, akaondoka kwenda msikitini. Haikupita muda, jina la betri likatokea kwenye orodha. Nikaunganisha, nikasoma, nikaifunga programu. Aliporudi na kukaa palepale, betri ikapotea tena.

Hapo nikaelewa. Wiki iliyotangulia nilimwekea mpwa wangu programu hiyohiyo, naye hakuwahi kuifunga kabisa. Ilibaki hai nyuma ya pazia, na kila akikaribia mlango inajiunganisha yenyewe. BMS nyingi hupokea simu moja tu kwa wakati. Simu ya kwanza ikishapokelewa, BMS huacha kujitangaza hewani, na simu ya pili haitaiona hata ukiiweka juu ya betri. Haikwambii kwamba iko na mtu mwingine, inatoweka tu. Dawa yake ilikuwa kwenda kwenye simu ya mpwa wangu, kwenye orodha ya programu, na kubonyeza "Force stop". Kuifunga skrini peke yake hakukutosha.

Kama nyumbani hakuna simu ya pili, tazama ruhusa. Kwenye Android 6 hadi 11, simu haitafuti vifaa vya aina hii mpaka uiruhusu programu kutumia "Location", na mara nyingi uiwashe Location yenyewe. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake maalumu, "Nearby devices". Ukibonyeza kukataa siku ya kwanza, programu itafunguka vizuri tu na orodha itabaki tupu. Na kama uliwahi kuiunganisha betri kupitia mipangilio ya blutuuthi ya simu, kama unavyofanya na spika, nenda ukabonyeze "Forget", kisha uunganishe kutoka ndani ya programu yake. Betri nyingi hazitaki njia ile ya kwanza.

Ili nisibahatishe, siku hizi naweka kwenye simu programu ya bure iitwayo nRF Connect, inayoonyesha kila kifaa kinachojitangaza karibu na nguvu ya mawimbi yake. Nguvu hiyo huandikwa kwa namba hasi: -60 ni nzuri, -90 ni mawimbi ya kukatikakatika. Betri ikionekana humo lakini si kwenye programu yake, kosa liko kwenye programu au ruhusa. Isipoonekana kabisa, imeshikwa, iko mbali, au imelala.

Umbali kwetu si mita tu. Kuta hizi za matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita na hunyonya unyevu, na maji huyala mawimbi ya blutuuthi. Ukiongeza sanduku la chuma lililofungwa, utasimama chumba cha pili usipate kitu. Fungua mlango wa sanduku, sogea hatua mbili tatu, ujaribu tena.

Kulala ni jambo jingine. Betri ikiisha sana, BMS hukata umeme kulinda seli, na nyingi huizima na blutuuthi. Ishara yake ni kwamba taa nazo zimezimika, na mita ukiiweka kwenye vichwa vya betri inasoma sifuri au karibu na sifuri. Simu haitakusaidia hapo. Inataka chaji, na kwa kuwa kidhibiti cha sola mara nyingi hakianzi kuchaji kisipoona volti ya betri, huenda ukahitaji chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha.

Nilipomaliza na simu ya mpwa wangu nilibadilisha pia neno la siri lililotoka kiwandani. Nyumba zetu zinagusana, na ndani ya programu hiyo mna kitufe cha kuzuia betri isitoe umeme. Jirani mwenye programu kama hiyo angeweza kumzimia mama taa akiwa kitandani kwake.