Alama moja kati ya mikondo miwili

"Binti yangu amepata 59 katika mtihani wa hesabu wa kupanga wanafunzi kwa uwezo, na mkondo wa juu unaanzia 60. Je, kuwekwa mkondo wa chini kutamvunja moyo?"

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mada atakazofundishwa, kwa kuwa tofauti ya alama moja ni ndogo kuliko kosa la kawaida la kipimo, na huenda angerudia mtihani kesho angepata 62. Mwenye 61 akiendelea na aljebra ngumu huku binti yako akirudia hesabu za msingi, baada ya mwaka pengo litakuwa la kweli, na kuhama mkondo kutakuwa kugumu hata akijitahidi.

Wanaosema kwamba mkondo wa juu hujenga kujiamini wako sahihi nusu tu. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa elimu Herbert Marsh alionyesha kwamba wanafunzi wenye uwezo sawa hujiona dhaifu zaidi wanapozungukwa na wenzao hodari, kwa hiyo mkondo wa chini waweza hata kumpa nafuu, ingawa jina la mkondo lenyewe huumiza, na lipi huzidi lingine bado linabishaniwa. Waulize walimu kama mikondo yote hufanya mtihani uleule, na wanafunzi hupangwa upya lini.