Vichwa kwanza, draya baadaye: maswali yenu ya mkopo wa saluni

Naomba unitumie mfano wa mpango wa biashara wa saluni, niweke jina langu tu nipeleke.

Situmi. Swali hili linaletwa kila wiki, na jibu halijabadilika. Nimekaa miaka kadhaa upande ule wa meza, nikipokea maandiko ya wakopaji, na karatasi za kujaziwa majina zinajulikana kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Nimewahi kupokea andiko la saluni ya Mbagala lililosema wateja watatoka Kariakoo. Mwenyewe hakuwa amelisoma. Afisa mikopo akikuuliza kwa siku unasuka vichwa vingapi ukaanza kupekua karatasi, mkopo umeshaondoka hapo hapo. Kurasa mbili ulizoandika kwa mkono wako, na unaweza kuzitetea, zinatosha.

Shikamoo mama. Nimekuwa msusi wa kiti cha kukodi kwa miaka mitatu, sasa nataka saluni yangu. Nimeshaandika orodha ya vifaa, jumla milioni 5. Nianzie wapi kuomba?

Marahaba mwanangu. Umeanzia mkiani. Orodha ya vifaa ndiyo inayoandikwa mwisho, baada ya kujua biashara inaweza kubeba rejesho la shilingi ngapi kwa mwezi, na rejesho linatoka kwenye vichwa vinavyokaa kwenye kiti chako. Draya hailipi mkopo, kichwa kilichokaa chini yake ndicho kinacholipa.

Tuipige hesabu yako kwa namba ulizonipa. Unatarajia vichwa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na ukichanganya wa kuoshwa, wa kutiwa dawa na wa kusukwa, kichwa kimoja wastani kinaacha shilingi 8,000. Hiyo ni 1,040,000 kwa mwezi. Sasa tuanze kupunguza. Dawa, shampuu na mafuta ni 1,500 kwa kichwa, jumla 195,000. Msaidizi wako atashika vichwa 2 kati ya kila 5 kwa makubaliano ya asilimia 40, kwa hiyo anachukua 166,400. Kodi ya fremu ni 150,000. Maji, usafi na mlinzi 40,000.

Kuna umeme pia, ambao hukuuandika kabisa. Draya ya kusimama inakula kama kilowati 1, kwa hiyo saa 4 ni yuniti 4. Hendi draya ya wati 2,000 ikifanya kazi saa moja ni yuniti 2 nyingine. Ongeza pasi ya nywele na taa, unafika kama yuniti 7 na nusu kwa siku. Usitegemee ile bei nafuu ya LUKU unayoijua nyumbani, maana inaishia yuniti 75 kwa mwezi na wewe utazivuka ndani ya siku kumi na moja. Kwa bei ya kawaida, karibu shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi, weka 70,000 kwa mwezi.

Matumizi yote yamefika 621,400. Umebaki na 418,600, na bado hujala. Umeniambia wewe na mtoto mnahitaji 250,000. Kwa hiyo pesa halisi ya kurejesha mkopo ni 168,600 kwa mwezi.

Milioni 5 kwa miezi 12, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayopigwa kwenye mkopo wote, inataka rejesho la kama 591,700. Unaona pengo lilipo.

Nirudi kwenye orodha yako. Kiyoyozi 1,250,000, kiti cha pedikyua 900,000, sofa ya wateja 650,000, televisheni 550,000, stima ya nywele 340,000. Hivyo vitano peke yake ni 3,690,000. Vinavyobaki ni sinki la kuoshea na kiti chake, draya moja ya kusimama, hendi draya, viti viwili na kioo: jumla 1,310,000. Bila hivi hakuna saluni. Bila vile mteja wako wa kwanza bado ataoshwa, atakaushwa na ataondoka amependeza. Rejesho la 1,310,000 kwa masharti yale yale ni kama 155,000 kwa mwezi, linaingia kwenye 168,600 kwa kubanana.

Nasema kwa kubanana kwa sababu hesabu ile ile ukiipiga kwa vichwa 4 badala ya 5, baada ya matumizi na chakula unabaki na kama 33,000 tu. Kichwa kimoja kwa siku! Na utakipoteza, kwa sababu Desemba na wiki ya Idi kiti hakipoi, lakini Januari watu wanalipa ada za shule na nywele zinafungwa kitambaa. Kwa hiyo kabla hujasaini, uwe na marejesho mawili mkononi, kama 310,000 za akiba yako, na uombe rejesho la kwanza lianze mwezi wa pili baada ya kupokea mkopo. Yaandike yote mawili kwenye andiko. Afisa anayejua kazi yake akiona umeandika mwenyewe kwamba Januari ni mbaya, atakuamini hata kwenye namba nyingine.

Saluni haijafunguliwa, halafu wanataka taarifa ya mauzo. Nitaitoa wapi?

Swali zuri, na wengi wanalikatia tamaa bure. Biashara ni mpya, lakini mikono yako si mipya. Chukua daftari la mistari leo, kila kichwa unachokigusa kiandike siku hiyo hiyo: tarehe, alifanyiwa nini, alilipa ngapi, taslimu au kwa simu. Hata kama unasukia barazani au kwenye kiti cha kukodi. Wateja wanaoweza kulipa kwa simu, walipe kwa simu, kwenye laini moja tu, ili ukiomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu ioane na daftari.

Niliwahi kupokea daftari la msusi mmoja lenye madoa ya mafuta ya nywele kila ukurasa. Kulikuwa na siku zilizoandikwa "hakuna", na siku moja "kichwa 1, amekopa". Nililiamini kuliko ripoti yoyote iliyochapwa. Kinyume chake, daftari lililojazwa usiku mmoja linajulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna siku mbaya hata moja. Usijaribu.

Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi si ndogo tu?

Inategemea inapigwa kwenye nini, na hilo ndilo swali ambalo hamliulizi. Asilimia 3.5 kwa mwezi ndicho kikomo ambacho Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani zile kampuni za mikopo zisizopokea amana. Chukua milioni 3 kwa miezi 12. Riba ikipigwa kwenye milioni 3 zote mwezi hadi mwezi, ile maafisa wanayoiita flati, unalipa 355,000 kila mwezi na riba inafika 1,260,000. Ikipigwa kwenye salio linalobaki, unalipa kama 310,500 na riba ni kama 725,000. Asilimia imeandikwa ile ile, tofauti ni zaidi ya nusu milioni, na hiyo ni draya na sinki.

Msiulize "riba asilimia ngapi". Ulizeni: nitarejesha ngapi kwa mwezi, kwa miezi mingapi, na mkononi napewa ngapi. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini milioni 2 nikapokea 1,860,000, maana ada ya fomu, bima ya mkopo na gharama nyingine zilikatwa juu kwa juu. Riba nililipa ya milioni 2. Yalikuwa yameandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa tatu, na nilikuwa sijafika huko. Omba jedwali la marejesho, ondoka nalo nyumbani, rudi kesho yake kusaini. Anayekataa usiondoke nalo, mwache na pesa zake.

Kodi ya fremu miezi 6 naweza kuiingiza kwenye mkopo wa vifaa?

Hapana. Kifaa ukishindwa kinauzika. Kodi iliyokwishaliwa hairudi.

Wameniambia nilete profoma. Nimepata duka litakaloniandikia bei ya juu ili nibaki na chenji. Kuna ubaya?

Upo. Chenji hiyo ni mkopo wenye riba, na afisa atapiga simu maduka mawili mengine kuuliza bei. Ukikamatwa kwenye sinki, hata namba zako za kweli hazitasomwa tena. Leta profoma mbili kutoka maduka tofauti, zenye jina la duka, TIN, tarehe na muundo wa kila kifaa. Na mkopeshaji akitaka kulilipa duka moja kwa moja, kubali, lakini nenda mwenyewe ukaichomeke draya kwenye umeme dukani, ikae dakika 20, kabla pesa haijahama. Draya mbovu hujizima ikishapata joto. Dakika 2 za majaribio hazionyeshi hilo.

Mikopo ya halmashauri haina riba. Kwa nini usituelekeze huko tu?

Nawaelekeza, wenye kikundi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Lakini kikundi cha watano kwenye saluni ya viti viwili ni ugomvi unaosubiri siku yake. Andiko liseme nani anasuka, nani anashika pesa, nani analipwa kwa kichwa na nani anangoja faida. Vikundi ninavyovijua vilivyovunjika havikuvunjwa na ukosefu wa wateja. Wawili walikuwa wanasimama kutwa nzima, watatu wanakuja jioni kugawana. Kama wenzako hawajui kusuka, bora kila mmoja aandike mradi wake ndani ya andiko la kikundi, na rejesho lake lijulikane.

Wale wa mikopo ya haraka, asubuhi unaomba mchana unapata?

Hao ni kausha damu. Usinunue hata kitana kwa pesa yao.

Niandike stima au nisiandike? Fundi mwenzangu anasema saluni bila stima si saluni.

Fungua daftari lako. Kwa miezi miwili iliyopita, wateja wangapi wameomba kufanyiwa stimu ukawakosa? Wakiwa 3 kwa wiki, na kila mmoja angeacha 5,000, hiyo ni kama 60,000 kwa mwezi, na stima ya 340,000 kwa masharti ya huo mkopo wa kwanza inataka rejesho la kama 40,000. Iandike. Wakiwa 2 kwa mwezi, ukiwa na rejesho la draya tayari, isubiri mwezi wa saba au wa nane wa mkopo uinunue taslimu.